Mfunge funza uzi uone homoni ikifanya kazi: nzi na panzi katika metamofosisi

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kufuga nzi na panzi kwa wakati mmoja, kisha kumfunga funza kwa uzi katikati ya mwili ili nusu ya mbele igeuke na nusu ya nyuma ibaki ilivyo. Jaribio hili lilifanywa na Gottfried Fraenkel mwaka 1935 kwa nzi wa bluu, na bado ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuona kwa macho kwamba kugeuka kwa mdudu kunaongozwa na kitu kinachosafiri ndani ya damu. Unahitaji wiki moja na nusu, maini gramu 100, na uzi wa kushonea.

Kwanza, wajue unaowafuga

Panzi ana metamofosisi isiyo kamili. Anatoka yaini akiwa tunutu, mdogo lakini tayari ana sura ya panzi: miguu ya kurukia, macho makubwa, midomo ya kutafuna majani. Hujivua gamba mara tano au sita kutegemea aina, na kila akijivua vichipukizi vya mabawa vinakuwa virefu kidogo. Hakuna hatua ya kulala. Mende, kunguni, mchwa na kereng'ende wako kundi hili.

Nzi ana metamofosisi kamili: yai, funza, pupa, nzi. Funza hana miguu, hana macho ya kweli, hana hata dalili ya bawa kwa nje. Mabawa na miguu ya nzi mpevu yamefichwa ndani yake kama vijisahani vya seli vinavyongoja amri. Kipepeo, nyuki, mbu na mbawakawa wanafuata mkondo huo huo.

Wengi hukwama wanapotaka kujua kama panzi waliyemkamata ni tunutu mkubwa au ni mpevu mwenye mabawa mafupi. Mtazame ubavuni. Kwa tunutu wa madaraja mawili ya mwisho, yaani vipindi viwili vya mwisho kati ya kujivua na kujivua, kichipukizi cha bawa la nyuma kimelala juu ya kile cha mbele. Kwa mpevu mpangilio ni kinyume: bawa la mbele, lile gumu, ndilo linalofunika la nyuma. Ukubwa wa mwili usiutegemee.

Hatua ya 1: Weka tunutu kwenye tundu

Chukua tunutu watano au sita wenye vichipukizi vinavyoonekana. Wape tundu la wavu lenye kimo cha sentimita 30 hivi, vijiti vya kupandia, na majani mabichi kila siku. Kimo ni muhimu kwa sababu panzi hujivua akining'inia kichwa chini. Akikosa nafasi ya kushuka nje ya gamba lake kuukuu, mabawa hukauka yakiwa yamejikunja na hayanyooki tena. Anayejivua usimguse. Gamba jipya ni laini kama karatasi iliyoloa, na huchukua saa kadhaa kuwa gumu.

Hatua ya 2: Pata funza wa kutosha

Weka maini kwenye kopo la mtindi, nje penye kivuli, asubuhi. Nzi wa kijani au wa bluu watayafikia haraka na kutaga mayai meupe yaliyoshikana. Yakionekana, funika kopo kwa kitambaa cha wavu. Bakiza bonge la mayai lenye ukubwa wa punje ya mchele, mengine ondoa. Funza wakizidi chakula hubaki wadogo, na funza mdogo ni mgumu mno kumfunga.

Kopo liweke ndani ya ndoo yenye maranda makavu ya mbao kina cha sentimita tatu. Katika joto la nyuzi 27 hivi, mayai huanguliwa ndani ya siku moja na funza hula kwa siku tatu hadi tano. Harufu ni kali, kwa hiyo fanya kazi mbali na jikoni, vaa glavu na nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 3: Chagua wakati

Jaribio lote linasimama au kuanguka hapa. Funza anayekula ana doa jeusi karibu na kichwa, linaloonekana kupitia ngozi. Hilo ni tumbo la akiba lililojaa maini. Akimaliza kula huacha kopo, hutambaa kutafuta mahali pakavu, na doa hupungua hadi mwili mzima unakuwa na rangi moja ya maziwa. Huyo ndiye unayemtaka: ameacha kula, lakini bado anatambaa na bado ni mrefu. Aliyeanza kufupika na kuwa mnene kama pipa ameshachelewa.

Tatizo ni kwamba hawafiki hapo kwa pamoja. Kuna hila ya zamani ya maabara ya kuwasawazisha: funza walioacha kula waweke kwenye karatasi ya tishu iliyoloa maji kwa siku moja. Majimaji huwazuia kuanza kugeuka, maana homoni haiachiliwi wakiwa wamelowa. Kisha wahamishe wote kwenye karatasi kavu. Wafunge muda mfupi baada ya kuwahamisha.

Hatua ya 4: Funga

Tenga funza 30. Kumi waache bila kufungwa; hao ndio kipimo chako. Ishirini waweke kwenye kopo kavu juu ya barafu kwa dakika kumi hadi watulie.

Tengeneza kitanzi cha uzi, mvishe funza, kilete katikati ya mwili, ukaze polepole hadi uone kiuno kimebanana kabisa, kisha funga fundo la pili. Kata ncha za uzi. Usifunge karibu na kichwa. Ubongo na tezi inayotoa homoni vimo katika theluthi ya mbele ya mwili, na ukifunga hapo unaweza kuviponda au kuviacha upande usioutaka. Ukilegeza, damu itapenya na matokeo yatakudanganya. Ukikaza kwa ghafla, ngozi itapasuka. Aliyepasuka mtoe.

Wapange wote kwenye karatasi kavu ndani ya sahani yenye kifuniko, upande uliochongoka, wenye mdomo, ukielekea upande mmoja ili baadaye usichanganye mbele na nyuma.

Hatua ya 5: Soma matokeo

Kagua kila baada ya saa sita kwa siku mbili. Nzi hatupi ngozi ya mwisho ya ufunza. Ngozi hiyo hiyo hufupika, hukakamaa na kugeuka kahawia, ikawa ganda ambalo pupa halisi hutengenezwa ndani yake. Ndiyo maana nzi anafaa kuliko kiwavi: rangi yenyewe inakuambia homoni imefika wapi.

Chukulia umepata hivi katika 20 waliofungwa: 11 wamekuwa kahawia mbele na kubaki weupe nyuma, watano wamekuwa kahawia pande zote, wawili hawakubadilika kabisa, na wawili walipasuka. Wale 11 walifungwa kabla homoni haijavuka fundo. Watano walikuwa wametangulia. Homoni ilikuwa imeshaenea mwili mzima ulipowafunga. Wawili waliobaki weupe ama walifungwa mapema mno, ama wameumia. Usitarajie kumwona aliyegeuka nyuma peke yake. Ukimwona, umempanga kinyumenyume.

Kosa linalowapotosha wengi ni kuhesabu sehemu iliyooza kama iliyogeuka. Nyuma iliyokufa huwa ya kijivu au nyeusi, inalegea na kunuka. Iliyogeuka ni ya kahawia nyekundu na ngumu. Ukiigonga kwa sindano inatoa sauti kavu. Nyuma nyeupe iliyo hai hubaki imejaa, haisinyai.

Kinachotokea ndani

Ubongo hutoa homoni inayoichochea tezi ya kujivua. Kwa funza, tezi hiyo ni sehemu ya pete ndogo iliyo nyuma tu ya ubongo. Tezi hutoa ekdisoni, nayo hugeuzwa na viungo vingine kuwa umbo lake lenye nguvu zaidi. Seli za ngozi zikiipata huanza kutengeneza gamba jipya, au kwa funza wa mwisho, hukakamaza la zamani.

Mtu makini atauliza: fundo limekata neva pia, tunajuaje kwamba si neva? Swali ni sahihi, na uzi peke yake haulijibu. Stefan Kopeć wa Poland alikuwa amekata neva za viwavi wa nondo bila kuwazuia kugeuka, lakini alipowatoa ubongo mapema hawakugeuka. Fraenkel naye alichukua damu ya funza waliokuwa wakigeuka, akaidunga kwenye nyuma nyeupe, nayo ikawa kahawia. Baadaye nyuma hizo zikawa kipimo: Butenandt na Karlson waliposafisha ekdisoni mwaka 1954, walipata miligramu 25 tu kutoka kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri, wakitumia funza waliofungwa kujua ni sehemu ipi ya mchujo ina nguvu.

Ekdisoni basi inasema "jivue". Haisemi ugeuke kuwa nini. Hilo ni kazi ya homoni ya ujana, na hapa ndipo panzi na nzi wanapoachana.

Tunutu akiwa na homoni ya ujana kwa wingi wakati wa kujivua, hutoka tunutu mkubwa zaidi. Katika daraja la mwisho homoni hiyo hutoweka, na kujivua kunakofuata kunamtoa panzi mwenye mabawa. Vincent Wigglesworth, akiwa London miaka ya 1930, alilionyesha hilo kwa mdudu mfyonza damu wa Amerika Kusini mwenye madaraja matano ya utunutu: alipounganisha damu ya tunutu wa daraja la tano na ya mdogo, yule mkubwa alijivua akabaki na sura ya utunutu.

Mdudu mwenye pupa anahitaji hatua ya ziada. Homoni ya ujana inaposhuka katika daraja la mwisho, mkupuo mdogo wa kwanza wa ekdisoni humwachisha kula na kumwondoa kwenye chakula, na mkupuo mkubwa unaofuata humfanya pupa. Yule funza uliyemwona akitambaa kwenye maranda alikuwa katikati ya mikupuo hiyo miwili.

Kwa hiyo dawa zinazoiga homoni ya ujana, kama piriproksifeni inayowekwa kwenye maji ya mbu, haziui viluwiluwi siku hiyo hiyo. Hufanya kazi mwishoni, pale homoni hiyo ilipotakiwa isiwepo, na mbu hufia kwenye pupa. Ukipima dawa hiyo kwa kuhesabu viluwiluwi hai baada ya saa 24 utasema haifai. Weka maji yaliyotiwa dawa ndani ya ndoo yenye wavu, pamoja na ndoo nyingine isiyo na dawa, na uhesabu mbu wazima wanaotoka katika kila moja.