Kichujio cha Thunderbird kimeziacha barua za zamani: namna ya kukiendesha kwa mkono kwenye folda

Wiki iliyopita niliitwa kwenye ofisi ndogo ya safari za watalii, hapa Arusha, karibu na Mnara wa Saa. Mhasibu wao, mama mtu mzima aliyenizidi kwa kila kitu isipokuwa kompyuta, alikuwa ametengeneza kichujio cha kuhamisha risiti za malipo kutoka Inbox kwenda kwenye folda aliyoiita Risiti. Risiti zilizoingia baada ya hapo zilihama vizuri, lakini za tangu mwaka juzi zilibaki palepale. Akaniambia, “Mwanangu, nimeiamuru ihamishe, nayo imenikalia kimya.”

Kichujio chake hakikuwa na kosa. Kwa kawaida kichujio cha Thunderbird huzikagua barua pale zinapoingia, na hakirudi nyuma kuzitazama zile zilizokwisha kuwamo kwenye folda. Kwa hizo ni lazima ukiendeshe wewe mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha uko kwenye akaunti sahihi

Fungua Tools, kisha Message Filters. Menyu za juu zisipoonekana, bonyeza kitufe cha Alt. Kila akaunti ina orodha yake ya vichujio, kwa hiyo tazama palipoandikwa Filters for na uchague akaunti yenye barua unazozitaka.

Hatua ya 2: Jaribu masharti kwa Search Messages kabla hujahamisha chochote

Mimi sikubali kuendesha kichujio kwenye folda yenye maelfu ya barua kabla ya kujua kitakamata ngapi. Bonyeza Ctrl+Shift+F, chagua folda ya Inbox, uandike masharti yaleyale yaliyomo kwenye kichujio, kisha ubofye Search. Idadi ya zilizopatikana huonekana chini ya dirisha.

Kichujio cha mama kilikuwa na sharti moja tu, kwamba Subject iwe na neno “Risiti”. Utafutaji ulileta barua 611. Tulipozipitia tukakuta 23 ni za madereva, zenye vichwa kama “Risiti ya mafuta” au “Naomba risiti yangu”, ambazo hakuzitaka kwenye folda ile. Tukaongeza sharti la pili, kwenye utafutaji na kwenye kichujio chenyewe, kwamba From iwe na anwani ya mfumo unaotuma risiti za malipo, na juu tukachagua Match all of the following ili masharti yote mawili yatimie kwa pamoja. Ukiacha Match any of the following, sharti la pili litaongeza barua badala ya kuzipunguza. Safari hii zilipatikana 588, na hiyo ndiyo namba tuliyoiandika pembeni.

Hatua ya 3: Kukiendesha, na hapa ndipo palipowahi kunipotezea mchana mzima

Njia za kuendesha kichujio kwenye folda ni mbili. Zinafanana kwa jina, lakini haziendi kwa kanuni moja, na hakuna mahali kwenye skrini panapokueleza tofauti yake.

Njia ya kwanza ni kusimama kwenye folda, kufungua menyu ya Tools na kubofya Run Filters on Folder. Amri hii haikuulizi unataka kichujio kipi. Huchukua vichujio vyote vya akaunti vilivyowashwa, ili mradi kila kimoja kiwe na tiki kwenye Manually Run, na kuviendesha kwa mpangilio wake kutoka juu kwenda chini. Kichujio kisicho na tiki hiyo hurukwa, tena bila ujumbe wowote wa kukuonya. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa Moshi, nilibofya amri hiyo mara zisizohesabika, nikafuta kichujio na kukiandika upya mara tatu, nikailaumu hata seva, kumbe niliwahi kuiondoa tiki hiyo mwenyewe nikidhani ni pambo tu. Ili kuikagua, chagua kichujio, bofya Edit, na utazame sehemu ya Apply filter when. Manually Run iwe na tiki, na Getting New Mail nayo iwe na tiki ikiwa unataka barua mpya ziendelee kuchujwa zenyewe.

Anayependa kuhakikisha kwenye faili lenyewe, aende Help, kisha Troubleshooting Information, afungue folda ya Profile, aingie ImapMail, kisha folda ya seva yake, na alisome faili la `msgFilterRules.dat`. Kwa akaunti ya POP faili hilo liko chini ya folda ya Mail. Mistari inayohusika ni hii:

```
name="Risiti"
enabled="yes"
type="17"
```

Namba 17 ni jumla ya 1, yaani barua zinapoingia, na 16, yaani kuendesha kwa mkono. Ukikuta `type="1"`, umeshapata sababu ya ukimya. Soma tu, na marekebisho uyafanye ndani ya Thunderbird.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia na kuwafundisha wengine, iko ndani ya dirisha lilelile la Message Filters. Bofya jina la kichujio kimoja ili kiwe na rangi, nenda chini palipoandikwa Run selected filter(s) on, chagua folda, kisha ubofye Run Now. Hapa kinachoendeshwa ni kile tu ulichokichagua, na hakiangaliwi kama kimewashwa au kimezimwa. Ninaipendelea kwa sababu watu wengi wana kichujio cha zamani walichokisahau, pengine cha kufuta matangazo, na Run Filters on Folder ingekiamsha nacho na kukipitisha juu ya barua za miaka yote. Usitegemee Ctrl+Z kukuokoa baada ya hapo.

Kwa mama tulichagua Risiti, tukachagua Inbox, tukabofya Run Now. Akaunti ni ya IMAP, hivyo barua zilihamishwa pia kwenye seva, na kwa intaneti ya siku ile ilichukua muda. Msifunge dirisha mkidhani limekwama.

Hatua ya 4: Linganisha hesabu

Folda ya Risiti ilikuwa na barua 40 kabla ya kuanza. Baada ya kazi ilikuwa na 628, yaani zile 588 ziliongezeka zote. Hesabu isipolingana, bofya kitufe cha kulia cha panya kwenye folda uliyoichuja, chagua Properties, kisha Repair Folder, ili faharasa yake ijengwe upya, halafu uendeshe tena.

Mama aliuliza kuhusu barua alizozihifadhi kwa Archive. Hizo hazikuguswa, kwa kuwa kichujio huendeshwa kwenye folda uliyoitaja peke yake, wala hakishuki kwenye folda zilizomo ndani yake. Archives kwa kawaida hugawanywa kwa miaka, kwa hiyo tulichagua folda ya kila mwaka na kubofya Run Now upya.

Kabla sijaondoka alinionyesha risiti mbili za asubuhi ileile zilizobaki Inbox ilhali kichujio kilikuwa kimewashwa. Alikuwa amezisoma kwenye simu akiwa kwenye daladala. Kwenye IMAP, barua ambayo tayari imesomwa kwenye simu kabla Thunderbird haijaipakua haipitishwi kwenye kichujio cha barua mpya. Tukakubaliana kwamba kila Ijumaa jioni, kabla ya kufunga hesabu za wiki, atafungua Message Filters na kubofya Run Now kwenye Inbox.