Siku ya CPI ukiwa Mombasa: kupanga saa, kupima mtikisiko wa bitkoini na kujua lini ukae kando

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na binamu yangu mwenye kibanda cha kutengeneza simu Mwembe Tayari. Anafanya biashara ya bitkoini kwa mtaji mdogo, naye alikuwa ameshika imani moja: "Kaka, hizi takwimu za Marekani ni kelele tu. Nimepima mwenyewe, bei haitikisiki." Kupima alikuwa amepima kweli. Kosa lilikuwa kwenye saa, na ndiyo sababu hatua ya kwanza hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Nitashika tukio moja, yaani taarifa ya mfumuko wa bei ya Marekani, ile inayoandikwa CPI kwenye kalenda. Hutoka mara moja kwa mwezi, na mara nyingi hutikisa hisa na kripto kwa dakika ileile. Ukiiweza hii, taarifa ya ajira utaipanga kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Panga saa, kisha uhakikishe chati inakubaliana nawe

CPI hutolewa na Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani saa 8:30 asubuhi kwa saa za mashariki mwa Marekani. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, lakini wao husogeza zao. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, taarifa hutufikia saa tisa na nusu alasiri, yaani 15:30. Miezi iliyobaki hutufikia saa kumi na nusu, yaani 16:30. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa moja kamili baada ya taarifa, kwa hiyo ni 16:30 au 17:30 kwetu.

Angalia mtego ulivyo: 16:30 ni saa ya CPI wakati wa baridi yao na ni saa ya kufunguliwa hisa wakati wa joto yao. Anayepima miezi ya nyuma bila kutenganisha misimu anachanganya matukio mawili tofauti kwenye hesabu moja. Anayefuata saa za London naye huteleza, maana Ulaya hubadilisha saa wiki mbili au tatu baada ya Marekani mwezi Machi, na hurudisha zake wiki moja mapema kuliko Marekani.

Sasa chati. Ya binamu yangu ilikuwa imewekwa UTC, na yeye alikuwa anatazama mshumaa wa 15:30 akidhani ni saa tisa na nusu ya Mombasa. Kumbe 15:30 ya UTC ni saa kumi na mbili na nusu jioni huku kwetu. Alikuwa anapima saa tatu baada ya taarifa, vumbi limeshatua, ndipo akahitimisha kwamba takwimu hazina nguvu. Mchana mzima ulitupotelea hapo, kwa sababu kila namba aliyoandika daftarini ilikuwa sahihi kwa mshumaa aliousoma.

Mimi hutumia TradingView na sipendi chati za ndani ya programu za simu za masoko ya kripto, kwa kuwa nyingi hazikuonyeshi waziwazi ziko saa za wapi. Chini ya chati, upande wa kulia, chagua UTC+3. Kisha usiamini tu, jaribu. Fungua `BTCUSDT`, mishumaa ya dakika 15, nenda tarehe 13 Oktoba 2022. Mshumaa mrefu mwekundu wenye miamala mingi kupita jirani zake lazima uanzie 15:30. Ukiukuta 12:30, bado uko UTC. Ukiukuta 8:30, uko New York.

Jambo la mwisho kuhusu saa: tarehe zisome kwenye ratiba iliyo `bls.gov`, usikisie kwa kuhesabu wiki. Mwaka 2025 shughuli za serikali ya Marekani zilipositishwa, CPI ya Septemba ilitoka tarehe 24 Oktoba badala ya 15, na ile ya Oktoba haikutolewa kabisa. Aliyekaa kando tarehe 15 alilinda mlango usiogongwa, kisha tarehe 24 akawa wazi.

Hatua ya 2: Andika namba inayotarajiwa

Soko haliitikii ukubwa wa mfumuko, linaitikia tofauti kati ya namba iliyotoka na ile iliyotarajiwa. Iandike siku moja kabla. Ipe uzito namba ya mwezi kwa mwezi ya mfumuko wa msingi, ule usiohesabu chakula na nishati, kwa kuwa ndiyo watu wa hati fungani hutazama kwanza.

Hatua ya 3: Pima mtikisiko, kisha ulinganishe na umbali wako wa kukata hasara

Hapa ndipo uamuzi wa kukaa kando unapotoka. Sitaki ukae kando kwa sababu unaogopa, wala uingie kwa sababu una hakika na mwelekeo. Tarehe 13 Oktoba 2022 inaonyesha kwa nini hakika ya mwelekeo haitoshi.

Siku hiyo mfumuko wa mwaka ulitoka asilimia 8.2 wakati soko lilitarajia 8.1. Ule wa msingi ulifika asilimia 6.6, kiwango cha juu kabisa tangu 1982. Hiyo ni habari mbaya isiyo na utata: riba itazidi kupanda, na mali za hatari zitashuka. Bitkoini iliyokuwa karibu na dola 19,000 ikashuka mpaka karibu 18,200. Fahirisi ya S&P 500 nayo baada ya kufunguliwa iliporomoka zaidi ya asilimia 2. Kisha hisa zikageuka, na mpaka soko linafungwa S&P 500 ilikuwa imepanda asilimia 2.6. Bitkoini ikazifuata, ikavuka 19,000 na kukaribia 19,400.

Sasa wawazie watu wawili, kila mmoja ametumia mkopo wa mara 20 wa soko. Wa kwanza alinunua kwenye 19,000 kabla ya taarifa. Kushuka mpaka 18,200 ni asilimia 4.2, na kwa mkopo huo karibu dhamana yake yote imeliwa; soko linamfungia biashara kwa nguvu au anabaki ukingoni. Wa pili alisubiri, akaisoma namba vizuri, akauza kwenye 18,300. Bei inapofika karibu 19,150 naye anafungiwa. Huyu wa pili alikuwa sahihi kuhusu takwimu, na fedha zake zimekwenda vilevile.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua CPI sita zilizopita. Kwa kila moja, tafuta bei ya juu na ya chini kuanzia dakika ya taarifa mpaka saa mbili baadaye, ili ufunguzi wa hisa uingie ndani ya kipimo. Geuza tofauti hiyo kuwa asilimia. Zipange kuanzia ndogo mpaka kubwa, uchukue ya tano. Usichukue wastani, maana miezi mitulivu hukuvutia chini na kukudanganya.

Tuseme umepata asilimia 4, na kwa kawaida unakata hasara kwenye asilimia 1. Mtaji ni dola 200 na hukubali kupoteza zaidi ya dola 4 kwa biashara moja. Siku ya kawaida:

```
4 / 0.01 = 400
```

Siku ya CPI mpaka wa hasara lazima ukae nje ya mtikisiko, tuseme asilimia 5:

```
4 / 0.05 = 80
```

Ukubwa wako umeshuka kutoka dola 400 mpaka 80. Jiulize kama biashara ya dola 80 bado ina maana baada ya ada za soko. Kama haina, unakaa kando, na uamuzi umetokana na hesabu. Binamu yangu alipofika hapa alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi wa asilimia moja sina kazi saa hiyo." Ndivyo.

Kipimo hiki hakikai milele. Kuna miezi ambayo soko halijali mfumuko kwa sababu macho yako kwenye ajira au ushuru wa forodha. Kirudie kila baada ya taarifa.

Hatua ya 4: Dakika 30 kabla, ondoa oda zako

Wafanyabiashara wakubwa wanaoweka bei pande zote mbili huondoa oda zao kabla ya taarifa. Kitabu cha oda kinakuwa chepesi, na oda ya kukata hasara iliyowekwa 18,810, asilimia 1 chini ya 19,000, inaweza kutekelezwa chini zaidi, kwa kuwa pale hakuna mnunuzi. Oda za kununua ulizozisahau chini ya bei ni mbaya vilevile: zitajazwa sekunde ambayo hungetaka kununua.

Kuweka oda mbili, moja ya kununua juu na nyingine ya kuuza chini, siipendekezi kabisa. Tarehe 13 Oktoba ingekuingiza upande wa kuuza kwanza, kisha upande wa kununua, na kwenye kugeuka huko ungeumia.

Kama unahitaji shilingi wiki hiyo, toa siku moja kabla. Kwenye P2P wauzaji na wanunuzi hubadilisha bei au hufunga matangazo yao pale bitkoini inaporuka, na kungoja M-Pesa ya mtu wakati huo kunaumiza roho.

Hatua ya 5: Rudi lini

Kabla hisa hazijafunguliwa mimi sirudi. Saa ya kwanza ya kripto hufuata fyucha za hisa, na ufunguzi wa New York una uwezo wa kubatilisha yote. Tangu Januari 2024 kuna pia mifuko inayoshika bitkoini zenyewe na kuuzwa kwenye soko la hisa, hivyo fedha nyingi huingia na kutoka saa hizo.

Ngoja nusu saa baada ya ufunguzi. Kisha tazama mambo mawili. Mishumaa ya dakika 15 iwe imerudi chini ya mara mbili ya urefu iliyokuwa nao asubuhi. Na `ES1!`, ambayo ni fyucha ya S&P 500, iwe inakwenda upande mmoja na bitkoini. Zikipingana, acha mpaka kesho.

Upo wakati ambao kupingana si kelele. Tarehe 10 Novemba 2022 mfumuko ulitoka asilimia 7.7, chini ya matarajio, na S&P 500 ikaruka asilimia 5.5. Bitkoini ilipanda pia, lakini soko la kripto la FTX lilikuwa linaanguka wiki hiyohiyo. Siku iliyofuata likaomba ulinzi wa kufilisika na bitkoini ikashuka tena. Kripto ikiwa na moto wake yenyewe, kipimo cha Hatua ya 3 hakikusaidii. Usikitumie.

Kwa usiku wa riba

Tamko la Benki Kuu ya Marekani kuhusu riba hutoka saa tatu usiku kwetu wakati wa joto yao, na saa nne usiku wakati wa baridi. Nusu saa baadaye mwenyekiti huanza kujibu waandishi wa habari, na mara nyingi majibu hayo hugeuza bei kuliko tamko. Pima kuanzia tamko mpaka saa mbili mbele, na oda ziondoe baada ya swala ya Isha. Mimi usiku huo sirudi sokoni. Nafungua chati asubuhi.