Chupa ya bob 130 ikifika Nairobi inagharimu ngapi?

Bei unayoiona Alibaba ni mwanzo tu wa hesabu. Tuchukue chupa za maji za plastiki 1,000, kila moja shilingi 130, uzipeleke Kamukunji. Hizo ni 130,000.

Kwanza, pima ukubwa kabla ya uzito. Mwombe muuzaji vipimo vya katoni. Katoni ya chupa 50, sentimita 60 × 40 × 40, inaweza kuwa na kilo 9 kwenye mizani. Ndege haikubali hizo 9:

```
60 x 40 x 40 / 6000 = 16
```

Utalipia kilo 16, kwa sababu chupa tupu ni hewa, na hewa hiyo inachukua nafasi. Kampuni nyingi za kufikisha mzigo mlangoni hugawanya kwa 5000, hapo kilo zinapanda zaidi. Vitu vyepesi vinavyojaza nafasi vipeleke kwa meli. Katoni zako 20 ni karibu mita za ujazo mbili.

Pili, pata CIF, yaani bidhaa, usafiri na bima hadi Mombasa. Tuseme usafiri wa ndani ya China ni 10,000, meli na bima 60,000. CIF ni 200,000. Ushuru wa forodha hutegemea namba ya HS, ile inayoainisha bidhaa yako kwa forodha. Muulize wakala wa forodha akupe namba hiyo kabla hujalipa chochote. Hapa nimekadiria 25%. IDF ni ada ya tamko la uagizaji, RDL ni tozo ya reli:

```
Ushuru 25% x 200,000 = 50,000
VAT    16% x 250,000 = 40,000
IDF   2.5% x 200,000 =  5,000
RDL     2% x 200,000 =  4,000
```

Angalia VAT: inatozwa juu ya CIF pamoja na ushuru. Wengi huikokotoa kwa bei ya bidhaa peke yake, kisha wanashangaa bandarini.

Jumla sasa ni 299,000. Weka 36,000 za wakala, bandari na lori: 335,000. Usigawanye kwa 1,000. Toa zilizopasuka na vifuniko visivyofunga, tuseme 40. Gawanya kwa 960, upate karibu shilingi 349. Kama sokoni chupa kama hiyo inaenda kwa bei ya jumla ya 350, achana nayo.

Ukitumia wakusanyaji wa mizigo wanaotoza bei moja kwa kilo au kwa mita ya ujazo, uliza kama kodi imo ndani. Ikiwa imo, usiihesabu mara mbili. Ila huenda hutapata hati ya forodha kwa jina lako, na bila hiyo aliyesajiliwa VAT hawezi kudai ile 40,000.

Tatu, hesabu siku kwa kurudi nyuma. Chupa huuzwa shule zinapofunguliwa Januari. Toa safari ya meli, foleni ya Mombasa, treni hadi Embakasi, na siku za kusubiri kontena ya pamoja ijae, ambazo wakala huwa hazitaji. Mimi huagiza Agosti. Ukikosa Januari, usikimbilie kuagiza tena mara moja: viwanda vya China hufungwa Mwaka Mpya wao, kati ya mwisho wa Januari na Februari, na oda huanza kusongamana wiki kadhaa kabla.