Somo: "Huenda" si "inaweza". Kupima uhakika katika sura ya matokeo

Leo tuchukue sentensi moja tu, tuirekebishe pamoja. Tuseme umewahoji wanafunzi 60 wa shule mbili, ukakuta wanaochezea simu usiku wana alama za chini. Ukaandika: "Simu hushusha ufaulu wa wanafunzi."

Hatua ya 1. Anza na kiambishi. Wengi hukimbilia kuchomeka "labda", kumbe tatizo limekaa kwenye hu-. Hicho ni kiambishi cha mambo ya siku zote: jua huchomoza mashariki. Ukisema "hushusha", umewasemea wanafunzi wote, kila mahali. Weka -li- na dai linarudi ndani ya shule zako mbili.

Hatua ya 2. Pima kitenzi. "Kushusha" ni kusababisha, nawe uliona mambo mawili yakiandamana tu. Yawezekana anayefeli ndiye anayekimbilia simu. Basi andika: "Waliotumia simu usiku walipata alama za chini kuliko wenzao." Hapo hakuna labda wala haitakiwi, maana hilo umeliona.

Hatua ya 3. Shaka iweke kwenye maelezo ya sababu. "Huenda kukosa usingizi kulichangia." Neno moja linatosha. "Huenda labda inaonekana" humfanya msomaji asijue umesimama wapi.

Hatua ya 4. Chunga "inaweza". Tunaosoma makala za Kiingereza tunaimwaga kila mahali. Ukiandika "Dawa hii inaweza kutibu malaria", msomaji anaelewa kwamba dawa ina uwezo huo. Kama ulitaka kusema huna hakika, sema: "Huenda dawa hii inatibu malaria." Kwenye mambo ya afya naliona kosa hili kuwa la hatari kabisa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Niko uhandisi, msimamizi wangu anafuta kila "huenda" ninayoandika. Nani yuko sahihi?*

Marahaba. Msimamizi anafuata desturi ya fani yenu. Ken Hyland, aliyelinganisha makala za fani mbalimbali za Kiingereza, alikuta falsafa na sosholojia zina maneno ya tahadhari mengi kuliko fizikia na uhandisi. Kwenu shaka huwekwa kwenye tarakimu: ukiandika 25 ± 2 MPa, tayari umekiri kiasi usichokijua. Ila ukifika kueleza kwa nini zege lilipasuka, na hukupima chanzo, hapo "huenda" itetee.

*Na "inasemekana" je? Naiona sana kwenye tasnifu za fasihi.*

Mimi naikata. Mtahini atauliza: imesemwa na nani? Mtaje mwenye kauli, kisha uchague kitenzi kwa makini, kwa sababu nacho kinakuweka upande fulani. "Anadai" inaonyesha hujashawishika. "Anaeleza" haikufungi sana. "Anathibitisha" maana yake wewe pia umekubali, na ukija kumpinga ukurasa wa pili utakuwa unajipinga mwenyewe.