Kutafuta kasi ya setilaiti kwenye mzingo wa duara, hatua kwa hatua

Swali likikupa kimo cha setilaiti na lisikupe kitu kingine, usidhani limechapwa nusu. Kimo kinatosha. Setilaiti iliyo kwenye mzingo wa duara haichagui kasi: kila umbali una kasi yake moja tu, na ukishaelewa kwa nini, fomula utaiandika bila kuikariri. Tutatumia Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka Dunia kwenye kimo cha kama kilomita 400.

Hatua ya 1: Chora kani, na usizidishe

Chora Dunia, chora setilaiti, kisha weka mshale mmoja kutoka kwenye setilaiti kuelekea kitovu cha Dunia. Huo ni mvutano. Sasa weka kalamu chini. Wanafunzi wengi huongeza mshale wa pili unaotazama nje, eti ndio unaoizuia setilaiti isianguke. Mshale huo haupo. Kama kungekuwa na kani mbili zinazolingana na kupingana, jumla yake ingekuwa sifuri, na kitu kisichosukumwa wala kuvutwa huenda mstari mnyoofu. Setilaiti ingejiendea zake. Inazunguka kwa sababu inavutwa upande mmoja, bila wa kuipinga.

Hatua ya 2: Linganisha kani inayohitajika na kani iliyopo

Kitu chenye tungamo m kikienda kwa kasi v kwenye duara la nusukipenyo r, kinahitaji kani ya mv²/r ielekee kitovuni muda wote. Hiyo ndiyo kani kitovu. Haijitokezi yenyewe, lazima kuwe na kitu kinachoitoa, na huku juu hakuna kingine ila mvutano wa Dunia. Kwa hiyo:

```
GMm/r² = mv²/r
```

M ni tungamo la Dunia, na G ni namba isiyobadilika ya mvutano. Kata m pande zote mbili, zidisha kwa r, kisha chukua kipeuo cha pili:

```
v = √(GM/r)
```

Tungamo la setilaiti limetoweka. Ndiyo maana mwanaanga anayetoka nje ya kituo kufanya matengenezo haachwi nyuma, ingawa kituo kina tani mia nne na zaidi. Yeye, kituo na hata skrubu ikimponyoka mkononi, wote wako karibu umbali uleule, kwa hiyo wana karibu kasi ileile.

Hapa mfano wa jiwe lililofungwa kwenye kamba, ambao wengi wetu tulifundishwa nao, unaweza kupotosha. Jiwe unaweza kulizungusha taratibu au kwa fujo huku kamba ikiwa na urefu uleule, kwa sababu kamba hukaza kadiri inavyohitajika. Mvutano haukazi. Kwenye umbali fulani hutoa kiasi chake, haujali kama setilaiti inaenda mbio au polepole. Ikipita upesi kuliko kasi inayolingana na kiasi hicho, mvutano unashindwa kuipinda vya kutosha na njia inarefuka kuwa duaradufu. Ikipungua, inashuka kuelekea Dunia. Duara linapatikana kwa kasi moja tu.

Hatua ya 3: Tafuta r iliyo sahihi

Herufi r ni umbali kutoka kitovu cha Dunia, si kutoka ardhini. Nusukipenyo cha wastani cha Dunia ni kilomita 6,371, kwa hiyo:

```
r = 6,371 km + 400 km = 6,771 km = 6.771 × 10⁶ m
```

Ukitazama namba hizo utaona jambo lingine: kituo hakiko mbali kabisa na Dunia. Mchapuko wa mvutano pale ni GM/r², yaani takriban 8.7 m/s², dhidi ya 9.8 ardhini. Wanaanga wanaelea si kwa sababu mvutano umekwisha, bali kwa sababu wanaanguka pamoja na chombo chao.

Hatua ya 4: Weka namba

Tumia GM kama namba moja, 3.986 × 10¹⁴ m³/s². G peke yake ni ngumu kuipima, lakini GM ya Dunia inajulikana kwa usahihi mkubwa kutokana na kufuatilia setilaiti zenyewe. Tena unapunguza nafasi za kukosea kwenye kikokotoo.

```
GM/r = 3.986 × 10¹⁴ / 6.771 × 10⁶ = 5.887 × 10⁷
v = √(5.887 × 10⁷) ≈ 7,673 m/s
```

Ukiingiza mgawanyo huo kwenye kikokotoo, funga 6.771 × 10⁶ ndani ya mabano. Usipofanya hivyo, kikokotoo kitagawanya kwa 6.771 kisha kizidishe kwa 10⁶.

Hatua ya 5: Hakikisha kwa muda wa mzunguko

Kasi ya kilomita 7.7 kwa sekunde ni vigumu kuipima kwa hisia, lakini muda wa mzunguko mmoja unaweza kuulinganisha na hali halisi:

```
T = 2πr/v ≈ 5,545 s ≈ dakika 92
```

Kituo hicho kweli huzunguka Dunia kwa kama saa moja na nusu, kwa hiyo jibu limesimama.

Jibu likikataa, lenyewe hukuonyesha kosa. Ukipata karibu 31,600 m/s, umeweka kimo mahali pa r. Kasi hiyo haiwezekani kwenye mzingo wowote kuzunguka Dunia, maana 11,200 m/s tu zinatosha kukimbia mvutano wake hata ukianzia ardhini. Ukipata karibu 243,000 m/s, umeacha r ikiwa kilomita. Na ukipata karibu milioni 59, kipeuo kimesahaulika.

Fomula hii inapoleta mshangao

Kimo cha kilomita 400 bado kina hewa, nyembamba mno lakini ipo, na inakikwaruza kituo saa zote. Kwa mawazo ya barabarani, msuguano hupunguza kasi. Lakini r ikipungua kwenye √(GM/r), v inaongezeka. Kituo kikishuka taratibu kutoka kilomita 400 hadi 390, kasi yake hupanda kwa takriban 5.7 m/s. Hewa inakizuia, nacho kinazidi kwenda mbio.

Hesabu ya nishati inaondoa utata. Katika kushuka kilomita 10, kila kilo moja ya kituo hupoteza takriban jouli 87,000 za nishati ya kimo. Takriban jouli 43,500 zinageuka kuwa kasi, na nusu nyingine hewa inaichukua kama joto. Msuguano umelipwa wote, na bado kukabaki chenji ya kuongeza mwendo.

Ndiyo maana kituo husukumwa juu kila baada ya muda. Injini huwashwa ili kukisukuma kuelekea kule kinakoenda, kinapanda, na kikitulia kwenye mzingo wa juu zaidi kinaenda polepole kuliko kabla ya injini kuwashwa.