Kumnunulia chakula mgonjwa wa kemo: kutoka sokoni Ngamiani hadi mezani

Kabla hujashika kikapu, mwulize mgonjwa anayetibiwa saratani kwa dawa za kemo mambo matatu: kipi kinanuka vibaya, kipi kina ladha ya chuma, na mdomoni kuna vidonda? Orodha ya manunuzi inatokana na majibu hayo. Tumchukue mama wa Tanga, siku ya tatu tangu achomwe dawa. Nyama ya ng'ombe anaisikia kama chuma, chai ya sukari inamkinaisha, na vitunguu vikikaangwa anatapika. Vidonda hana.

Hatua ya 1: Tafuta mbadala wa nyama. Usimlazimishe nyama, kwa kuwa kemo huvuruga ladha na harufu na nyama nyekundu ndiyo inayochukiwa zaidi. Mwili wake bado unahitaji protini, kwa hiyo nunua mayai, choroko na maziwa ya unga, paketi ndogo. Uji ukishaiva, koroga ndani vijiko viwili vya maziwa hayo, kisha uache upoe. Kilichopoa hakitoi harufu kali, ndiyo maana yai la kuchemsha lililopoa hupita pale ambapo la kukaanga linarudi. Samaki akimtamani, mchemshe kwa ndimu na tangawizi, na jiko liwe nje, mbali na chumba chake.

Hatua ya 2: Nunua vya uchachu. Machungwa ya Muheza, ndimu na ukwaju hupunguza ile ladha ya chuma. Angekuwa na vidonda mdomoni, vyote hivi ungeviacha sokoni maana vingemchoma. Ungechukua ndizi mbivu na papai. Kijiko cha chuma nacho kiweke kando, tumia cha plastiki au cha mbao.

Hatua ya 3: Weka kikavu karibu na kitanda. Mkate uliokaushwa au biskuti zisizo na sukari nyingi, ale kidogo kabla ya kuinuka asubuhi. Baadaye apewe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili hivi. Sahani iliyojaa humtisha mtu mwenye kichefuchefu. Chakula akipendacho kuliko vyote kifiche siku hizi mbaya. Akikitapika leo, huenda akakichukia hata atakapopona.

Hatua ya 4: Ruka vya hatari. Kemo hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Acha maziwa mabichi, mtindi uliotokana nayo, juisi ya miwa ya barabarani, kachumbari ya kununua na mayai yasiyoiva. Matunda ya kumenya ni salama zaidi, ila yaoshe kabla ya kuyamenya. Balungi ulizia kwanza kwa daktari, kwani hugongana na baadhi ya dawa.

Nunua vya siku mbili tu. Ladha hubadilika, na tenga zima la machungwa laweza kuoza huku yeye sasa anataka uji wa chumvi.

Akishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, au joto la mwili likifika nyuzi 38, mpeleke hospitali mara moja.