Somo: Kuingiza sauti kwenye "saranghae" uso ukijaza skrini

Tamthilia za Kikorea hupenda kusogeza kamera hadi usoni mhusika anapotamka "saranghae". Tafsiri ya haraka ni "nakupenda", na hapo ndipo mstari unapoharibika. Katika neno lile la Kikorea midomo haigusani hata mara moja, ilhali "nakupenda" ina P katikati. Mtazamaji anasikia midomo ikifungwa huku anaiona iko wazi.

1. Zima sauti, cheza kipande fremu kwa fremu. Andika mdomo unafunguka wapi, unagusana wapi, na unaishia umekaaje. M, B na P ndizo zinazofunga midomo. F na V huonyesha meno juu ya mdomo wa chini. Kwa "saranghae" utaandika: wazi, wazi, kisha umetanuka.

2. Tafuta maneno yasiyofunga. Hapa Kiswahili kinatubana, maana msamiati wetu wa mahaba umejaa midomo: mpenzi, moyo, huba, kipenzi, muhibu. Yanayobaki ni machache lakini matamu: laazizi, nyonda, tunu, sina hali.

3. Pima kwenye picha. Mimi huchagua "sina hali". Ni silabi nne dhidi ya tatu, kwa hiyo "sina" isemwe upesi, na mkazo wa "ha" uangukie pale pale "hae" inapofunguka. Irabu I ya mwisho inatanua midomo karibu sawa na ile ya Kikorea. Maana nayo inamfaa mtu aliyeficha mapenzi muda mrefu hadi yakamzidi. Kwa wanandoa waliozoeana ingekuwa nzito mno. Hapo "laazizi", ikitamkwa taratibu, inatosha.

4. Rekodi, kisha tazama kwa mwendo wa kawaida. Ukikagua fremu moja moja tu, utasumbuka na kasoro ambazo hakuna atakayeziona.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, vipi kama baadaye msichana anasema, "Uliniambia unanipenda"?*

Swali zuri, dada. Soma skripti yote kabla ya kuchagua. Kama neno linarudi, tafuta pale kijana anapoonekana kwa kisogo au wanapokumbatiana mdomo wake umefichika. Akiwa na mstari hapo, "nakupenda" ihamie huko, na "sina hali" ibaki kwenye uso.

*Kaka, mwigizaji sauti hawezi kuilegeza P kidogo?*

Akiilegeza inasikika kama kithembe, na kwenye mnong'ono inazidi kuonekana. Lakini kuna mwanya mmoja: kama midomo imetulia imefungwa kabla mhusika hajasema, M ya mwanzo unaipata bure. Hapo "mwenzangu" inaingia vizuri, kwani baada ya ile M midomo haigusani tena. Angalia tu W na U ya mwisho zisimviringe mdomo mahali ambapo kwenye picha umetanuka.